Kwa nini ununuzi wa kampuni hauzai thamani: maswali ya wanafunzi wa darasa la mkakati, Mbeya

Mada ya insha ya muhula huu ni fupi: "Kuungana na kununuana kwa kampuni mara nyingi hakuongezi thamani. Jadili." Kila mwaka maswali yanayonifikia baada ya kipindi cha jioni ni yaleyale, kwa hiyo nimeyaandika hapa pamoja na majibu yangu. Majibu yana msimamo. Ukiwa na hoja ya kuupinga, ipinge kwenye insha yako.

Mwalimu, kwa kifupi, msimamo wako ni upi?

Ununuzi mwingi unaofeli huwa umeshafeli siku bei ilipokubaliwa. Yale tunayoyaona baadaye, mameneja kugombana, wateja kuhama, mifumo ya kompyuta kugoma kusomana, ni kweli yanatokea, ila mara nyingi yanatufunulia tu kwamba bei haikuacha nafasi ya kitu chochote kwenda kombo.

Fikiria mwenye kampuni. Biashara yake ina thamani fulani ikiendelea kama ilivyo. Ukimpa thamani hiyohiyo hana sababu ya kuuza, bora abaki nayo. Kwa hiyo unampa zaidi. Hiyo ya juu naiita ziada. Ziada unailipa leo, kwa fedha taslimu. Unachokitegemea kuirudisha ni faida ya kuungana, yaani fedha ambazo kampuni mbili zitazalisha pamoja na ambazo kila moja peke yake isingezipata. Faida hiyo siku unalipa haipo bado. Ipo kwenye karatasi ya mshauri.

Thamani anayobaki nayo mnunuzi = faida ya kuungana kwa thamani ya leo − ziada − gharama za kuunganisha

Insha nyingi ninazosahihisha zinazungumzia kipengele cha kwanza tu, tena kwa maneno matupu bila kiasi.

Unaweza kutuonyesha kwa namba?

Ndiyo, na mfano nitautoa njia ya kwenda Makambako badala ya New York. Kuna mashine ya kukoboa mpunga Igurusi, wilayani Mbarali, iliyouzwa na familia kwa kampuni ya jumla ya hapa mjini. Jina silitaji, na namba nimezibadilisha na kuzilainisha ili zikae vizuri darasani.

Mashine ilikuwa inamwachia mwenyewe shilingi milioni 240 kwa mwaka baada ya umeme, mishahara, vipuri na kodi. Tuchukulie mtu anayeweka fedha kwenye biashara ya namna hii anataka asilimia 20 kwa mwaka. Mapato yasiyokua wala kupungua unayagawa kwa 0.20, unapata thamani yake leo: bilioni 1.2. Mnunuzi alilipa bilioni 1.62. Ziada ni milioni 420, asilimia 35 juu ya thamani. Kuunganisha vitabu, kufunga mizani mpya, kubadilisha mifuko na kuwalipa walioondolewa kuligharimu milioni 100 nyingine. Jumla ya kurudisha ni milioni 520.

Sasa geuza hesabu. Milioni 520 kwa asilimia 20 ni milioni 104. Maana yake, ili mnunuzi asipate wala asipoteze, kuungana kulitakiwa kuleta nyongeza ya milioni 104 kila mwaka, kuanzia mwaka wa kwanza, bila kukoma. Kwa mashine iliyokuwa inaleta 240 ni nyongeza ya zaidi ya asilimia 40. Hapo ndipo mtu alitakiwa asimame ajiulize hizo zitatoka wapi.

Karatasi ilikuwa na jibu. Maroli ya kampuni yalikuwa yanapeleka bidhaa Makambako na kurudi Mbeya matupu. Yangepakia mchele Igurusi, akiba milioni 45. Mhasibu wa mashine na meneja mmoja wangeondolewa kwa kuwa ofisi ya mjini inatosha, milioni 35. Mchele ungefungwa kwenye mifuko yenye chapa ya kampuni na kuuzwa Dar kwa bei nzuri zaidi, milioni 50. Jumla 130. Gawa kwa 0.20 unapata milioni 650, toa 520, inabaki faida ya milioni 130. Bodi ikapitisha.

Mbona inaonekana nzuri? Kosa liko wapi?

La kwanza ni muda. Karatasi ilichukulia kwamba faida zote 130 zinaanza mara moja. Chapa haijengeki hivyo. Maroli nayo yana ratiba zake, na mpunga una msimu wake. Tuseme mambo yote yalichelewa miaka miwili tu, kisha yakaja kama yalivyoahidiwa, senti haikupungua. Zile milioni 650 unazigawa kwa 1.2 mara mbili, yaani kwa 1.44, zinakuwa milioni 451. Toa 520. Umepoteza milioni 69. Hakuna aliyekosea kazi wala kuiba. Kuchelewa peke yake kumegeuza faida kuwa hasara. Ukitaka kupona kwa kuchelewa huko, nyongeza inayohitajika kila mwaka inapanda kutoka milioni 104 hadi karibu 150.

Ndiyo maana kwenye insha sipendi kusoma "faida ya kuungana ilikuwa kubwa" bila kuambiwa inaanza lini.

La pili ndilo kubwa zaidi, na karatasi ya mshauri haikuwa na safu yake kabisa: kile ambacho kuungana kunaondoa.

Kuungana kunaondoa nini?

Hapa inabidi ujue mashine ya mpunga inavyoishi. Mwenye mashine wa Igurusi kwa kawaida hanunui mpunga wote anaoukoboa. Mpunga ni wa wakulima na wafanyabiashara. Wanauleta mwezi wa sita, wa saba, wanauanika uwanjani, wanauweka ghalani wakisubiri bei ipande, halafu wanakoboa kidogokidogo mnunuzi akipatikana. Mwenye mashine anapata ada ya kukoboa, na katika mashine hii pumba zilibaki kwake, akiziuzia wafuga kuku na nguruwe wa mjini. Wanunuzi wa kutoka mbali nao wanakuja pale kwa sababu wanajua mzigo upo. Mashine ni soko, kukoboa ni sehemu tu ya shughuli zake.

Yule mzee aliyeuza hakuwa anatoza ghala. Gunia lingekaa mpaka Januari bila malipo, na ada ya kukoboa aliipokea mfanyabiashara akishauza. Kwa jicho la mhasibu wa mjini huo ni uzembe: nafasi inakaliwa bure na madeni yako kwenye daftari la kurasa zilizokunjamana. Miezi mitatu baada ya ununuzi ikabandikwa karatasi mlangoni: ada ya ghala kwa kila gunia kwa mwezi, na kukoboa ni kulipa kwanza.

Nilifika pale msimu uliofuata na wanafunzi wawili. Uwanja ulikuwa mweupe, maturubai mengi yamekunjwa ukutani, wakati ng'ambo ya barabara kwa mashine nyingine makuli walikuwa wanapishana na magunia mgongoni. Nikamkuta mama mmoja anayepeleka mchele Dar, namfahamu siku nyingi. Nikamuuliza, dada, mbona umehama?

"Mwalimu, mimi sikufuata mashine. Mashine ziko nyingi. Nilimfuata mzee."

Mwanafunzi mmoja aliandika kwenye ripoti yake kwamba huo ni "uaminifu wa wateja". Siyo. Mama yule alifuata mkopo usio na riba na ghala la bure, na ghala la bure ndilo lililokuwa linaipa mashine kazi Novemba hadi Machi, wakati mashine nyingine zimelala. Ule uliofutwa kama uzembe ulikuwa ndio bei ya kuwa na mzigo.

Kwa namba: mzigo ulipungua kama asilimia 15, lakini fedha zilipungua milioni 60, yaani robo ya zile 240. Tofauti hiyo inatokana na gharama zisizoshuka. Walinzi, mafundi, mkopo na sehemu ya umeme unalipa hata kama gunia halijaja, na mfanyabiashara akiondoka anaondoka na ada, pumba zake, na yule mnunuzi aliyekuwa anamfuata. Milioni 60 gawa kwa 0.20 ni milioni 300 zilizopotea. Jumlisha zile 69 za kuchelewa, unafika milioni 369. Karibu ziada yote imeyeyuka bila kurudisha chochote.

Nitende haki: maroli yalifanya kazi. Ile milioni 45 ilikuja kama ilivyoahidiwa, hata kama kwa kuchelewa. Akiba unayoweza kuiamuru mwenyewe, kama roli lipite wapi, hupatikana. Mapato yanayomtegemea mteja abadilishe tabia yake ndiyo yanayokwama. Ukisoma orodha ya faida za kuungana ya kampuni yoyote, kwanza zitenge hivyo.

Je, haya yanatokea kwa kampuni kubwa au ni ya Igurusi tu?

Mwaka 1994 kampuni ya Marekani ya Quaker Oats ilinunua kinywaji cha Snapple kwa dola bilioni 1.7. Quaker tayari ilikuwa na Gatorade, kinywaji cha wanamichezo, na ilikuwa hodari wa kukifikisha kwenye maduka makubwa kupitia maghala. Snapple ilikuwa inauzwa kwa njia nyingine, na wasambazaji wadogo waliojitegemea, waliopeleka chupa baridi kwenye viduka na vituo vya mafuta. Mpango wa Quaker ulikuwa mzuri kwenye karatasi: wasambazaji wa Snapple waiachie Quaker maduka makubwa, na wao wapewe Gatorade waipeleke kwenye viduka.

Wasambazaji wakakataa. Maduka makubwa ndiyo yalikuwa mafuta yao, wayaachie kwa nini? Faida yote ya kuungana ilisimama juu ya ridhaa ya watu ambao hawakuwa wafanyakazi wa Quaker wala hawakuulizwa kabla ya kulipwa bei. Mwaka 1997 Quaker ikaiuza Snapple kwa kampuni ya Triarc kwa dola milioni 300. Triarc ikarudi kwa wasambazaji wale wale, ikawabembeleza, na mwaka 2000 ikauza kundi lake la vinywaji, Snapple ikiwemo, kwa Cadbury Schweppes kwa zaidi ya dola bilioni 1 ukihesabu na madeni.

Angalia jambo moja: kinywaji ni kilekile, chupa ni ileile. Aliyenunua kwa milioni 300 alipata utajiri kwenye kitu kilichomtia mwenzake hasara. Ndiyo sababu sikubali sentensi "Snapple ilikuwa ununuzi mbaya" bila kutaja bei na bila kutaja nani anaisambaza.

Kwa nini watu wenye akili wanakubali bei kubwa hivyo?

Sababu ziko kadhaa, lakini moja inawapita wanafunzi wengi. Weka rundo la mpunga uwanjani, waite wanunuzi watano wakadirie kwa macho lina magunia mangapi. Mmoja atasema 80, mwingine 90, mwingine 120. Wastani wao unaweza kuwa karibu na ukweli. Lakini rundo linachukuliwa na nani? Na yule wa 120. Katika mnada anayeshinda ni yule aliyekosea kwa kuzidisha kuliko wenzake wote. Wachumi wanaiita laana ya mshindi. Hahitaji kuwa mjinga. Wapinzani wakiongezeka, ushindi wenyewe unazidi kuwa habari mbaya.

Juu ya hapo kuna malipo. Mshauri wa mauzo kwa kawaida hulipwa donge kubwa dili likifungwa, likivunjika anapata kidogo. Mkurugenzi mkuu wa kampuni kubwa analipwa zaidi ya wa kampuni ndogo, na kununua ndiyo njia ya haraka ya kukua. Na mkiwa mmeshatumia miezi sita na milioni kadhaa za wanasheria, hakuna anayetaka kuwa yule wa kusema tuache.

Ukaguzi wa kina kabla ya kununua haukamati matatizo haya?

Unakamata uliyoyatafuta. Igurusi walikagua hati ya kiwanja, kodi, hali ya mashine na madeni ya benki, yote yakawa safi. Hakuna aliyekaa uwanjani wiki moja akahesabu mzigo ni wa nani. Daftari la mzee lingeonyesha kwamba wafanyabiashara wachache ndio walioleta sehemu kubwa ya magunia. Lilikuwa mezani. Halikufunguliwa kwa sababu halikuwa kwenye orodha ya nyaraka.

Vitabu vinasema tatizo ni utamaduni. Wewe unalipuuza?

Silipuuzi, ila nachoka nalo. Kampuni za magari za Daimler ya Ujerumani na Chrysler ya Marekani ziliungana mwaka 1998, dili la takriban dola bilioni 36, na mwaka 2007 asilimia 80.1 ya Chrysler ikauzwa kwa kampuni ya uwekezaji ya Cerberus kwa dola bilioni 7.4. Kila mwanafunzi ananiandikia kwamba Wajerumani na Wamarekani hawakuelewana. Sawa, lakini kutoelewana huko kuligusa nini? Kama kulichelewesha matumizi ya vipuri vya pamoja, basi sema: akiba iliyotegemewa ilichelewa. Kama wahandisi waliondoka, sema nani aliondoka na kazi gani ilikwama. Utamaduni ukiutafsiri kuwa muda na fedha, nakupa alama. Ukiuacha hewani ni sawa na kusema ndoa ilivunjika kwa sababu walikuwa tofauti.

Ile takwimu kwamba asilimia 70 hadi 90 ya miungano hufeli, niitumie?

Usiitumie bila kueleza inapima nini. Ukimwuliza meneja kama malengo yake yalitimia unapata jibu moja, ukiangalia kama kampuni iliuzwa tena unapata lingine. Kipimo kilichofanyiwa utafiti zaidi ni bei ya hisa dili linapotangazwa, na picha yake imekuwa thabiti kwa miongo: wanahisa wa kampuni inayonunuliwa wanafaidika vizuri, wa kampuni inayonunua kwa wastani wanapata karibu na sifuri, wengine chini yake. Kwa hiyo thamani mara nyingi ipo. Imeenda kwa muuzaji, ndani ya ziada. Hilo ni dai zuri zaidi kwa insha kuliko asilimia 90.

Airtel si ilifeli Afrika? Naweza kuitumia?

Itumie, kwa uangalifu. Watu wa rika langu hapa Mbeya wanakumbuka vibanda vya vocha vikipakwa rangi upya: Celtel, halafu Zain, halafu Airtel. Bharti Airtel ya India ilinunua shughuli za Zain katika nchi 15 za Afrika mwaka 2010, dili la dola bilioni 10.7, kwa sehemu kubwa fedha za mkopo. Ilikuja na mtindo uliofanya kazi India: shusha bei, watu waongee sana, dakika nyingi zifidie bei ndogo. Lakini India ni soko moja kubwa. Huku kila nchi ilikuwa na msimamizi wake, leseni zake, sarafu yake inayoshuka dhidi ya dola ya mkopo, na minara mingi inayokula dizeli. Miaka mingi ilikuwa ya hasara.

Ila Juni 2019 Airtel Africa iliorodheshwa London kwa peni 80 kwa hisa, na baadaye data na fedha za simu zikaibadilisha kuwa biashara yenye faida. Ilifeli au la? Inategemea saa unayoitazama. Mimi nauliza hivi: fedha za simu zilikuwa kwenye hesabu ya 2010? Kama bei ililipwa kwa sababu ya dakika na kilichookoa ni kitu kingine, basi mkakati uliolipiwa haukufanya kazi, hata kama kampuni imepona.

Na SACCOS zinapoungana, au vyama vya ushirika wa kahawa kule Mbozi?

Hoja yangu ya ziada haikusaidii hapo, kwa sababu kwa kawaida hakuna anayemlipa mwenzake bei. Tafuta kwingine: mikopo chechefu ya chama dhaifu inayohamia kwa wanachama wa chama imara. Usilazimishe nadharia pasipo mahali pake.

Kibali cha Tume ya Ushindani kinahusikaje na thamani?

Kidogo, kupitia muda. Sheria ya Ushindani ya 2003 inataka miungano inayovuka kiwango fulani cha mauzo au mali iwasilishwe kwa Tume kabla ya kutekelezwa. Dili likisubiri kibali, mafundi wazuri wa kampuni inayonunuliwa wanaanza kutafuta kazi. Weka miezi hiyo kwenye hesabu, halafu endelea.

Dalili za mapema ni zipi, kabla hasara haijafika kwenye vitabu?

Usisubiri wahasibu wafute gudwili, yaani ziada iliyoandikwa vitabuni kama mali. Hiyo huja miaka baadaye na wenye uwanja wanajua zamani. Pale Igurusi dalili ilikuwa kwenye daftari la mizani: majina. Magunia yalikuwa hayajapungua bado, lakini majina ya kila siku yalianza kuwa ya wageni wanaokoboa mara moja na kwenda. Dalili ya pili ni kuuliza kila faida ya kuungana ina mwenyewe nani. Ile milioni 50 ya chapa ilikuwa kwenye bajeti ya "kundi", maana yake haikuwa kwenye bajeti ya mtu yeyote.

Mwalimu, wewe ungelipa ngapi kwa mashine ile?

Ningehesabu maroli tu, kwa kuwa hayo nayaamuru mwenyewe. Milioni 45 gawa kwa 0.20 ni 225, zikichelewa miaka miwili ni kama 156. Nisingebadilisha mizani, mifuko wala kumwondoa mtu mwaka wa kwanza, kwa hiyo gharama za kuunganisha tuseme 30. Nafasi yangu yote ya ziada ni kama milioni 126, na nikimpa mzee yote sibaki na kitu. Ningempa 60 mkononi juu ya ile bilioni 1.2, na nyingine 60 baada ya misimu miwili, kwa sharti kwamba magunia kwenye mizani hayajashuka na yeye mwenyewe bado anakaa pale kwenye benchi lake asubuhi.

Angekataa, bila shaka. Kulikuwa na mtu mwenye bilioni 1.62.